Hotuba ya Mlangoni

Dada yangu hasomi kazi yake mwenyewe. Anaandika yeye, anachapisha yeye, anapanga meza na viti yeye, lakini siku ya kusomwa anakwenda kukaa nyuma kabisa, ukutani, na ukimwuliza kitu anakutazama kama vile hamjuani. Watu wa filamu wamempa jina la Bi Kimya. Sisi wa nyumbani, tunaomjua akigombea rimoti, jina hilo hutuchekesha.

Kwa miaka mingi amekula mkate wa redio. Aliandika ile michezo ambayo mama anasahau kumpeleka mtoto kliniki na jirani anatokea kumkumbusha, na mwisho wa kipindi wote wananawa mikono. Akapanda kidogo, akaandika vichekesho vya televisheni. Lakini filamu nzima, ya kukaa watu gizani wakaitazama mpaka mwisho, hakuwa ameandika mpaka hii ninayowasimulia. Alipoimaliza aliniita.

"Mdogo wangu, nataka unisomee maelezo."

Mimi nafanya kazi duka la dawa. Kusoma ninajua, kwa sababu anayeweza kusoma mwandiko wa daktari anaweza kusoma chochote. Lakini sikujua anachotaka, na mimi nisipojua kitu huwashwa mwili mzima, kwa hiyo nilimwuliza maswali mpaka akachoka. Akanieleza kwamba skripti ya filamu, kabla haijapelekwa kwenye kamera, husomwa mezani. Waigizaji wanakaa kuizunguka meza, kila mtu na nafasi yake, wanaisoma kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ili mwandishi asikie kitu ambacho mpaka hapo amekisikia kichwani mwake tu. Yale ambayo si maneno ya mtu, nani kaingia, nani kaweka kikombe, ni usiku au mchana, husomwa na mtu mmoja asiyeigiza. Ndiye mimi.

"Si umchukue mtangazaji," nikamwambia. "Wapo wenye sauti tamu."

"Sauti tamu itanifichia mashimo. Wewe ukisoma 'anakufa', inasikika kama 'kidonge kimoja mara tatu kwa siku'. Ndivyo ninavyotaka."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nilikubali.

Nilipoisoma skripti nikiwa peke yangu nilielewa kwa nini hakutaka mtu baki. Ilikuwa ni habari ya kwetu. Baba yetu aliondoka nyumbani mimi nikiwa bado nanyonya kidole, akarudi tukiwa wasichana wa shule. Siku hiyo tulitoka shuleni tukamkuta ameketi sebuleni, na mama akasema, "Msalimieni baba yenu," kama mtu aliyekuwa ametoka kununua chumvi. Tukamsalimia. Alikwenda wapi, kwa nini alirudi, mama alimpokeaje, hayo hayakuulizwa. Hakuna aliyetukataza. Tulizoea tu kutouliza, na mazoea yana taabu. Mimi, ambaye namwuliza mteja hadi jina la paka wake, nyumbani kwetu sijawahi kuuliza swali hilo moja.

Kwa hiyo Dada alilijibu mwenyewe, kwa kalamu. Katika skripti yake mwanamume anafika jioni, mlango umefungwa, mke yuko ndani amesimama na mkono kwenye kitasa. Mwanamume anaanza kusema kutokea nje. Anasema karibu kurasa tatu. Anasema aibu ilivyomla, alivyokuwa akizihesabu siku za kuzaliwa za watoto wake, alivyoandika barua akazichoma. Anaomba radhi kwa kila jambo, moja baada ya jingine. Mwishoni mke anafungua mlango, anasema, "Ingia."

Nililia. Halafu nikajiuliza Dada aliyatoa wapi maneno yale, kwa kuwa baba yetu akisema sentensi mbili mfululizo tunampa maji. Haikuhitaji kufikiri sana. Ni maneno aliyotaka kuyasikia yeye, na tangu alipoanza kuyangoja hadi leo amekuwa mtu mzima.

Hotuba hiyo ndiyo iliyompatia bahati. Mtayarishaji, mama mmoja mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ambaye wote humwita Bosi, aliipeleka kwa mwigizaji mkubwa ambaye mashabiki wamempa jina la Mzee wa Machozi. Hajawahi kucheza filamu ambayo watazamaji walitoka na macho makavu. Mzee wa Machozi akasoma, akasema nitacheza, kwa ajili ya ile hotuba. Jina lake likawavuta wenye mifuko. Kilichobaki ni kusikia skripti ikisomwa, kukusanya maoni ya watu, na Dada kuandika rasimu mpya kwa kadiri ya maoni hayo. Rasimu ikikubalika, kamera zinawashwa. Ikikataliwa, Dada anarudi kwa jirani wa kunawa mikono.

Tulisomea kwenye darasa la shule ya udereva, ambalo halina watu mwisho wa juma. Ukutani kulikuwa na alama za barabarani, na mimi nilikaa mkabala na ile ya "Punguza mwendo". Dada alizima feni mapema kwa sababu ilikuwa inakwaruza. Karatasi zilichapishwa upande mmoja na hazikubanwa pini, ili mtu akimaliza ukurasa ausukume pembeni bila kuchakarisha. Kila mmoja alipewa penseli na chupa ya maji.

Tulikuwa wachache. Mzee wa Machozi, amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Mwalimu, mama wa makamo anayefundisha maigizo chuoni, ambaye alisoma nafasi ya mke. Wasichana wawili kwa nafasi za mabinti. Na mwanamume mmoja mcheshi aliyebebeshwa nafasi zote ndogo, mwenye duka, kaka wa mke, polisi, mpita njia, na kwa sababu hiyo wenzake humwita Kiraka. Bosi alikaa kichwa cha meza, na pembeni yake mwongozaji, kijana mwembamba anayetafuna njiti ya kibiriti akifikiri.

Dada alisema sentensi chache tu. Someni, msiigize sana. Mkikosea endeleeni. Mkimaliza nitawauliza mambo matatu, wapi akili ilitoroka, wapi hamkuelewa, wapi hamkuamini. Akaenda ukutani kwake.

Nilikuwa nimemwuliza kwa nini anakaa kule, wakati sura za watu haziwezi kuonekana vizuri. Akaniambia sura hazimsaidii. "Uso umefundwa adabu. Miguu hakuna aliyeifunda." Kwa hiyo wakati sisi tunasoma, yeye alikuwa akitazama chini ya meza. Mtu akivutwa na hadithi, miguu yake hutulia, hata kama amekunja uso. Akichoka, kisigino kinaanza kucheza, mguu unapanda juu ya mwenzake, kiatu kinavuliwa nusu. Pale miguu ilipoamka, Dada alitia nukta ya penseli pembeni ya ukurasa.

Tukasoma. Ni jambo la ajabu kusikia nyumba yenu ikisomwa na watu usiowajua. Vichekesho nilivyokuwa na hakika navyo vilipita kimya, na mahali ambapo sikuona cha kuchekesha Bosi alicheka hadi miwani ya kichwani ikamwangukia. Onyesho la baiskeli, la katikati, lilikuwa refu. Nilisikia mwenyewe kinywa kikinikauka kwa maelezo. Halafu tukafika mlangoni.

Mzee wa Machozi aliweka penseli chini. Hakupaza sauti. Aliisoma hotuba ile taratibu, kama mtu anayetoa miiba mguuni mwake mwenyewe, na kabla hajafika nusu msichana mmojawapo alikuwa ameshika leso. Kiraka alitazama dari. Mimi nilishukuru kwamba ukurasa ule haukuwa na maelezo ya kusoma. Alipomaliza nikakumbuka kwamba sasa ni zamu yangu.

"Anafungua mlango," nikasoma.

"Ingia," akasema Mwalimu. Akasita. Akarudia, "Ingia," kwa sauti nyingine, kama anayejaribu kiatu kisichomkaa.

Na hapo, Dada aliniambia baadaye, miguu yote ya meza ile ikaamka kwa pamoja.

Tukamaliza, wakapiga makofi, wakanywa maji. Yakaanza maoni. Dada alikuwa amewaomba waseme penye maumivu tu, wasitaje dawa. Nilijua wazi hawatamsikiliza, kwa sababu hata kwangu dukani mteja haji kusema tumbo linaniuma. Anakuja kusema nipe zile za njano alizopewa shemeji yangu. Kila mtu pale mezani alikuwa na zake za njano.

Bosi alisema, "Mimi pale anapofungua sijaridhika. Tuweke onyesho kabla yake, mke anazungumza na rafiki yake, anasema bado anampenda."

Mwongozaji akatoa njiti mdomoni. "Turudi nyuma zamani. Siku ya harusi yao. Tuone walivyopendana."

Msichana mmoja akasema afadhali mabinti wawepo, wamwombe mama afungue. Mzee wa Machozi naye akasema, kwa upole mkubwa, kwamba labda hotuba ni fupi kidogo, ikiongezwa aya moja watu watamsamehe kabla mke hajamsamehe. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwalimu alisema mwisho. "Mimi sina ushauri. Nilipofika kwenye 'Ingia' nilijiona mpumbavu. Sijui namfungulia nani, wala kwa nini."

Wengine walisema mengine. Kiraka alilalamika kwamba baiskeli imemchosha. Msichana wa pili alichanganyikiwa, hakujua kama aliyekuja kudai ni kaka wa mke au mwenye duka. Bosi akaongeza kwamba utani wa mwenye duka haumfurahishi. Mimi nikafungua mdomo kueleza kwamba mwenye duka yule tunamjua, ndivyo alivyokuwa, na Dada akanitazama kutoka ukutani mpaka nikaufunga. Aliandika yote, akasema asanteni, akaanza kukusanya penseli.

Njiani nilitaka kujua ameamua nini. Akasema hajaamua kitu, maoni yakiwa bado ya moto yanaunguza, atayaacha yapoe. Siku zikapita. Nilimpigia kila jioni kumwuliza kama yamepoa, na jioni moja akasema njoo.

Alikuwa ametandaza karatasi kwenye meza yake ya jikoni. Nilikuwa nimedhani kazi hii ni kama uchaguzi, wengi wape. Sivyo alivyofanya. Alichukua maoni, moja moja, akayalinganisha na nukta zake za miguu.

Baiskeli, mdomo mmoja ulilalamika lakini nukta zilijaa ukurasa. Akaikata yote, hakuitazama mara mbili. Kaka kuchanganywa na mwenye duka, hilo akalipiga mstari. "Kiraka alisoma wote wawili kwa sauti ileile. Kwenye filamu watakuwa watu wawili. Hilo ni kosa la meza, si la hadithi." Utani wa mwenye duka, Bosi peke yake hakuupenda na miguu ya wengine ilitulia. Akauacha. Nikamwambia ana ujasiri. Akasema ujasiri hauna nafasi hapo, kila mtu ana mtu mmoja asiyemchekesha.

Ukabaki mlango.

"Watu watano, dawa nne tofauti," akasema. "Ukiletewa dawa nne tofauti za mtu mmoja, wewe unaelewa nini?"

"Kwamba mtu anaumwa kweli, na hakuna aliyempima."

Akacheka. Alikuwa amezijaribu zote nne. Aliandika harusi, ikapendeza, na mlango ukazidi kuwa wa uongo. Aliandika rafiki, mke akaanza kuzungumza kama mchezo wa redio. Kila alichoongeza kilifanya vilevile. Sasa akataka kujaribu kitu kingine. Akanitoa nje ya mlango wa jikoni, akaniambia nisome onyesho lile, lakini nikifika kwenye hotuba niiruke.

Nikasimama kwenye ukumbi wa wapangaji wote, mama wa jirani akinichungulia, nikasoma. Mwanamume anafika. Mlango umefungwa. Mke ameshika kitasa. Nikaruka kurasa tatu.

Kimya kikawa kirefu. Nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza namfikiria mwanamke aliye ndani. Hotuba ilipokuwapo, masikio yangu yote yalikuwa kwa mwanamume. Yeye ndiye aliyelia, yeye ndiye aliyeteseka, na mke alikuwa mtu wa kuzungusha kitasa tu akimaliza kusikiliza.

Dada alifungua mlango. Uso wake haukuwa mzuri. "Umeona?"

"Nimeona."

"Ugonjwa hauko wanapolalamikia. Uko kurasa tatu nyuma, mahali ambapo kila mtu amelia." Akakaa. "Na ndipo ninapopapenda kuliko pote. Nimeyaandika maneno yale tangu nina miaka kumi na minne. Sijui kama nitaweza."

Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji, lakini udadisi ulinizidi. "Lakini Dada, kwa kweli mama alimfungulia kwa nini?"

Tulitazamana. Wanawake wazima wawili, mmoja ana watoto, na hakuna aliyewahi kumwuliza mama.

Tulikwenda kwa mama kesho yake asubuhi, tukijua baba yuko kwa kinyozi, na baba akienda kwa kinyozi hukaa hadi nywele zianze kuota tena. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Dada alizunguka, akauliza habari za miguu yake, akasifu mapazia. Mimi nikachoka.

"Mama, siku baba aliporudi, ulimfungulia mlango kwa nini?"

Mama hakuinua macho. "Nani kafungua mlango?"

"Wewe."

"Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa napiga deki."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitazama, akalitupa. Tukangoja. Mama yetu ukimharakisha anakwenda kulala.

"Nimeinama, naona viatu. Vyenye vumbi. Nikavijua. Nikamwambia, usikanyage, sakafu haijakauka. Akavivua, akasimama pale kizingitini navyo mkononi. Basi nikaendelea kupiga deki."

"Halafu ikakauka?" Dada aliuliza.

"Ingekaukaje, nami naipiga deki tena? Nilifika mwisho nikarudi mwanzo. Nikarudia palepale. Nikasema, atachoka ataondoka. Alishaondoka mara moja, njia anaijua. Mara maji yakaisha kwenye ndoo." Akatikisa ungo. "Akaweka viatu chini, akachukua ndoo, akaenda nayo bombani. Peku. Nikajisemea, haya, mume alikwenda, sasa na ndoo imekwenda. Nilikaa pale, nawaambia kweli, nikiisikitikia ndoo."

"Akarudi," nikasema.

"Akarudi nayo imejaa. Akaiweka, akasimama tena palepale. Hakukanyaga."

"Akasema nini?" Dada aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa shule.

"Aseme nini? Kama angesema ningemfukuza. Nilikuwa nimejiandaa, neno la kwanza tu." Mama akamtazama Dada sasa, kwa muda. "Wewe umeniandika?"

"Nimekuandika, mama."

"Haya. Ila usiniweke nalia. Sikulia, nilikuwa na kazi."

Dada aliandika onyesho lile upya siku hiyohiyo. Alipompelekea Bosi, Bosi alimpigia simu, na ilikuwa karibu nami kwa hiyo nilisikia. Alisema ni zuri, hakuficha. Alisema pia kwamba Mzee wa Machozi alikubali kwa sababu ya hotuba, na sasa hana hotuba, hana hata neno. "Ukimnyang'anya maneno ataniaga. Akiniaga yeye, na wale waliomfuata wataniaga. Ibakize hata ukurasa mmoja, mwanangu. Mmoja tu."

Dada alifunga simu akakaa nayo mapajani. Aliniambia anaogopa. Alisema anaweza kubakiza ukurasa mmoja, na hakuna atakayejua. Nikamwuliza, na wewe? Akasema, "Mimi nitajua. Na mama akiiona atajua, na atasema huyo si mimi." Akaomba usomaji wa pili, mbele ya Mzee wa Machozi, ili akatae akiwa ameisikia na si kwa kuambiwa.

Tukarudi kwenye darasa la alama za barabarani. Mzee wa Machozi aliipekua karatasi kabla hatujaanza, akaipekua tena kutoka nyuma, akakunja midomo. Tukasoma. Bila baiskeli ilikwenda mbio. Tukafika mlangoni, na hapo nikatambua jambo ambalo Dada hakuniambia: onyesho zima sasa lilikuwa la maelezo. Lilikuwa langu.

Nikalisoma kama ninavyosoma vipimo vya dawa. Mwanamke anapiga deki. Anaona viatu. "Usikanyage," akasema Mwalimu, na safari hii hakurudia. Mwanamume anavua viatu. Mwanamke anafika mwisho wa sakafu, anarudi mwanzo. Nilisoma kuhusu ndoo. Nilisoma kwamba kizingiti ni kitupu, viatu viko pale, mwanamke ameketi anakitazama. Sikuthubutu kuinua macho juu ya meza, kwa hiyo nikayashusha chini yake, kama Dada. Mzee wa Machozi alikuwa amerudisha miguu yote miwili nyuma, chini ya kiti chake, vidole vimenyanyuka, kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu mbichi.

Nikamaliza. Akauliza, bila kumtazama mtu, "Hotuba yangu iko wapi?"

Nilimwona Dada ameikumbatia skripti kifuani.

Mzee wa Machozi alikusanya karatasi zake, akazilinganisha kingo, akaaga kwa heshima, akaondoka. Bosi akabaki anafuta miwani, kwanza moja halafu ya pili. Tuliishi na hali hiyo mpaka siku Bosi alipopiga simu. Mzee wa Machozi amekubali. Ana sharti moja, kwamba ndoo iwe ya kweli na ijazwe maji mpaka juu, hatabeba ndoo tupu huku akijifanya inamwelemea.

Tulikwenda nyumbani kuwapa habari. Mama alisema hewala, akaingia jikoni. Baba alikuwa nje akikaza skrubu ya kiti. Hakuna aliyewahi kumwambia neno kuhusu filamu ile, lakini nyumba ndogo haina siri.

"Nasikia na mimi nimo humo," akasema.

"Umo, baba," Dada akajibu.

Akazungusha bisibisi. "Nasema nini?"

"Husemi kitu. Nilikuwa nimekuandikia maneno mengi, nikayatoa."

Tukadhani mazungumzo yamekwisha, kama yanavyokwisha yake yote. Baba akakijaribu kiti kwa mkono, kikatulia.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Njia nzima nilikuwa nayapanga. Nilipofika, mama yenu akaniambia nisikanyage."

Dada alishika mkono wangu, akaubana hadi ukaniuma. Mimi ndiye niliyeuliza, nani mwingine. "Maneno gani, baba?"

Baba alifikiri kwa uaminifu, bisibisi mkononi, akitazama upande wa jikoni ambako mama alikuwa akimwaga maji.

"Hakuniuliza," akasema.

Dada akavuta kiti kile kilichokazwa, akakaa mbele yake.

"Mimi nakuuliza," akamwambia.